Uzoefu wangu: Slaidi 22 kutoka 16:9 kwenda 4:3, na maduara yaliyogeuka mayai

Nimetumia huduma ya mtandaoni inayopokea faili la slaidi za skrini pana na kulirudisha likiwa na uwiano wa zamani wa 4:3. Naipa nyota mbili kati ya tano. Mbili hizo ni za kasi, kwa kuwa faili lilirudi kabla sijamaliza kupanga makaratasi mezani. Tatu nimeziondoa kwa sababu kilichorudi kisingeweza kuonyeshwa mbele ya watu, na kosa lenyewe ni la kihesabu, la aina ambayo mtengenezaji wa huduma hiyo angeweza kuliona kwa kujaribu slaidi moja tu yenye duara.

Nilikuwa naandaa mafunzo ya siku moja. Waandaaji waliniambia projekta ya ukumbini ni ya zamani, inaonyesha 1024 kwa 768, hivyo wakaomba slaidi za 4:3. Zangu nilizitengeneza kwa ukubwa wa kawaida wa PowerPoint ya siku hizi, yaani upana wa sentimita 33.87 na urefu wa 19.05. Slaidi ya 4:3 ina urefu uleule wa 19.05, ila upana wake ni 25.4. Robo nzima ya upana inaondoka, na ubora wa kazi ya kubadili unategemea robo hiyo inaondolewaje.

Huduma niliyoitumia iliiondoa kwa kubana. Kila kitu kwenye slaidi kilizidishwa kwa 0.75 upande wa upana, na urefu ukaachwa ulivyokuwa. Nilithibitisha hivyo kwenye slaidi ya 9, yenye mchoro wa hatua nne za mradi: maduara manne, kila moja la sentimita 4 kwa 4, yakiunganishwa na mishale. Nilibofya duara moja, nikafungua Format Shape, nikatazama Size. Height ilikuwa sentimita 4, Width ilikuwa 3. Kwa kuwa faili la .pptx ni kifurushi cha zip, nililifungua pia ndani, na mistari miwili inaeleza yote. Wa kwanza ni duara langu la awali, wa pili ni lilivyorudi:

```
<a:ext cx="1440000" cy="1440000"/>
<a:ext cx="1080000" cy="1440000"/>
```

Kipimo hicho huhesabu sehemu 360,000 kwa kila sentimita, hivyo 1,440,000 ni sentimita 4 na 1,080,000 ni sentimita 3. Duara limekuwa yai lililosimama.

Umbo la yai ningeweza kulivumilia kwa siku moja. Shida kubwa ilikuwa maandishi, kwa kuwa herufi hazibaniki pamoja na kisanduku chake. Fonti ya pointi 20 ilibaki pointi 20 huku nafasi yake ikipungua robo. Neno "Ufuatiliaji" lililokaa vizuri ndani ya duara sasa lilikatika katikati, "Ufuatilia" juu na "ji" chini. Kwenye slaidi nyingine, aya ya mistari minne iliongezeka hadi sita, ikamwagika nje ya kisanduku na kuufunika mstari wa chanzo cha takwimu ulio chini yake. Anayepitia slaidi zake haraka anaweza kuyaona maduara yaliyoharibika akadhani ndiyo hasara pekee. Mimi nashauri macho yaanzie chini ya kila kisanduku chenye maneno mengi.

Mishale nayo ilinifundisha jambo ambalo sikulijua. Ile ya kulala ilikuwa imefupishwa sawasawa na maduara, ikaendelea kuyagusa. Ile ya kusimama ilipungua kwa urefu wakati hakuna kitu kingine kilichopungua urefu. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuelewa. Mshale wa kusimama niliuchora ukiwa umelala kisha nikauzungusha nyuzi 90, na faili huhifadhi vipimo vya umbo kabla ya kuzungushwa. Kinachoitwa upana ndani ya faili, kwenye skrini ndicho urefu. Huduma ilizidisha "upana" huo kwa 0.75 bila kuangalia kama umbo limezungushwa. Mshale wa sentimita 3 ukawa 2.25, na kila ncha ikaacha pengo la karibu milimita 4. Ukiona mishale iliyosimama haigusi tena inachoelekea, huku ile iliyolala iko sawa, basi ujue umeipata sababu.

Halafu vichwa vya slaidi. Katika slaidi 17 kichwa kilikuwa kimesogea kulia, na vile virefu vilitoka nje ya ukingo. Katika slaidi 5 kilikuwa katikati kabisa. Kwa nini 5 zinusurike? Jibu lilikuwa kwenye View, kisha Slide Master, penye violezo ambavyo slaidi zote hufuata. Kisanduku cha kichwa ambacho hujakigusa hakina mahali pake chenyewe ndani ya slaidi. Hurithi mahali kutoka kwenye Layout, yaani kiolezo cha slaidi hiyo. Huduma ilizibana slaidi lakini Slide Master na Layout zake ikaziacha na vipimo vya skrini pana, visanduku vikichomoza nje ya ukingo wa kulia. Katikati ya slaidi pana ni sentimita 16.93 kutoka kushoto, na katikati ya slaidi ya 4:3 ni 12.7. Tofauti ni sentimita 4.23, na nilipopima, vichwa vilikuwa vimesogea kiasi hichohicho. Zile 5 zilinusurika kwa sababu siku za nyuma nilivivuta vichwa vyake kwa mkono, vikapata mahali pake vyenyewe, na hivyo vikabanwa pamoja na vingine. Kwa sababu hiyohiyo nembo iliyokuwa kona ya juu kulia haikuonekana popote. Ilikuwapo, ila nje ya slaidi.

Kurekebisha faili la namna hii kunawezekana. Kwa picha iliyobanwa, unafungua Size, unaondoa alama kwenye Lock aspect ratio, kisha unahakikisha Scale Height na Scale Width zina asilimia inayolingana. Usipoondoa alama hiyo, ukigusa kimoja cha pili kinafuata na ubanaji unabaki palepale. Vichwa unavirekebisha mara moja kwenye Slide Master. Lakini maduara, mishale na visanduku vya kuchora mwenyewe ni kimoja kimoja. Nilifanya slaidi tatu nikaacha. Nilirudi kwenye faili langu la awali, nikatengeneza nakala, nikaibadili mwenyewe ndani ya PowerPoint: Design, Slide Size, Standard (4:3).

Hapo programu inauliza swali moja. Maximize huacha vitu na ukubwa wake, hivyo pande zote mbili hutokeza sentimita 4.2 nje ya slaidi. Ensure Fit hupunguza kila kitu kwa robo, upana na urefu pamoja, hadi kitoshe. Nilichagua Ensure Fit. Maduara yalitoka sentimita 3 kwa 3, mviringo kamili, na maandishi yake yakashuka kutoka pointi 20 hadi 15, kwa hiyo hakuna neno lililokatika. Vichwa vikakaa katikati kwa sababu Layout nazo zilibadilishwa. Juu na chini ya mchoro ikabaki nafasi tupu. Kwa ubora wa maumbo, hakuna cha kulinganisha na ile huduma.

Nilifika ukumbini mapema na mafaili mawili, la awali na hili la Ensure Fit. Fundi wa ukumbi aliyaangalia yote mawili akaniuliza, "Mwalimu, hili pana ulilibadili la nini?" Akaliwasha lile la awali. Lilionekana lote, bila kubanwa popote, likiwa na ukanda mweusi juu na mwingine chini. Kisha akawasha la pili, akaniambia nisimame palepale nitazame duara lilelile. Ukubwa ulikuwa uleule.

Nilipiga hesabu nikaona ana haki. Pazia la projekta mle ukumbini lilikuwa na upana wa mita 2 na urefu wa mita 1.5. Slaidi pana ikionyeshwa humo inachukua mita 2 zote za upana na mita 1.125 za urefu. Ensure Fit inaingiza maudhui ya upana wa slaidi nzima ndani ya slaidi ya 4:3, nayo ikionyeshwa inachukua mita 2 zilezile, na maudhui yake yanajaza mita 1.125 zilezile. Kilichobadilika ni rangi ya kanda mbili tu, kutoka nyeusi hadi rangi ya usuli wa slaidi. Zile pointi 15 zinaonekana kubwa sawa na pointi 20 za awali kwa sababu slaidi yenyewe imekuzwa zaidi. Sijawahi kuelezwa hivi na mtu yeyote kabla ya siku ile, na ningeelezwa ningeokoa jioni nzima.

Kwa hiyo kubadili kuna faida pale tu unapoitumia ile nafasi ya juu na chini. Fundi alinipa dakika 40 kabla ya watu kuingia, nikazitumia kwenye slaidi mbili. Katika slaidi ya 9 niliacha kuyapanga maduara kwa mstari, nikayapanga mawili juu na mawili chini, nikayarudisha sentimita 4 na maandishi pointi 20. Kwenye pazia yakawa makubwa kuliko yalivyowahi kuwa, theluthi moja zaidi. Jedwali la slaidi ya 14 nililiongezea urefu wa safu likafika karibu na ukingo wa chini, na fonti yake ikapanda kutoka 12 hadi 16. Slaidi 20 zilizobaki sikuzigusa.

Waandaaji wakikuomba 4:3, waulize kwanza kama wanahitaji slaidi zijaze pazia au wanahitaji tu zionekane. Na kama utaamua kutumia huduma kama hii yangu, wapelekee kwanza slaidi moja yenye duara, mshale uliozungushwa nyuzi 90 na kichwa ambacho hujakivuta. Faili lililorudi kwangu bado nimelihifadhi, na nimewaandikia wenye huduma nikiwaonyesha ile mistari miwili ya duara.