TAHADHARI KWA VIKUNDI VYA NGOMA: Hiyo "ziara ya Uingereza" inayouzwa Dodoma ni utapeli

Jamani, kama kuna mtu amewafuata huko Chamwino, Mvumi, Bahi au hapa mjini, anasema ana mwaliko wa kupeleka kikundi cha ngoma za Kigogo Uingereza, msimpe hata nauli ya bodaboda. Ni yule yule wa miwani na begi la ngozi, anayeongea taratibu kama mzee wa kanisa. Mliokuja kwenye mazoezi yetu Nzuguni mlimwona. Jina silitaji kwa sababu shauri liko polisi na nimeambiwa nisiliharibu, ila vidole vinaniwasha.

Kikundi chetu cha ngoma kiligawanyika baada ya msiba, mengi siyarudii. Tulikuwa tunahitaji kazi, na yeye alilijua hilo kabla hajafika.

Siku aliyokuja hakuomba pesa. Hicho ndicho kinachoniuma. Alikaa kwenye mkeka na akina mama, akasikiliza muheme hadi mwisho, akauliza maswali ya mtu anayejua: nani anaongoza, zeze zipo ngapi, nani anapiga marimba. Akatununulia soda. Mama mmoja akamtolea elfu ishirini ya "kuandikishwa", akaikataa mbele ya watu wote, akasema, "Mama, wekeni kwanza akili kwenye mazoezi, pesa baadaye." Niambieni, tapeli gani anakataa pesa mkononi?

Halafu akamtaja marehemu Mzee Hukwe Zawose. Hapo alitumaliza. Akasema mzee yule alikuwa Mgogo kama sisi, na zeze na marimba zake zilimfikisha kwenye majukwaa ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa muziki wake. Yote ni kweli, kila mtu hapa anaijua habari hiyo. Alichofanya ni kuchukua ukweli wetu wenyewe na kuufungia uongo wake ndani.

Mara ya pili akaja na kompyuta mpakato. Akafungua tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, ile halisi kabisa, anwani niliisoma mwenyewe. Akashusha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, inaitwa Register of Licensed Sponsors. Akatafuta jina la kampuni aliyosema ndiyo mwenyeji wetu, likatokea. Mji upo, jina lipo, limeandikwa "A rating". Akanigeuzia kioo, akanyamaza, akaniacha nisome. Anayesema tulipumbazwa kwa maneno matupu aelewe hivyo: tulionyeshwa orodha ya serikali.

Kisha akatoa karatasi nene yenye muhuri wa dhahabu, imeandikwa Certificate of Sponsorship, ina majina yetu kumi yote. Akasema hicho ndicho cheti cha udhamini na kila mmoja achangie milioni moja na laki nne, kwa sababu mwenyeji ameshavilipia na anataka pesa yake kabla ya ratiba kufungwa. Mama mmoja aliuza mbuzi. Mwingine alitoa pesa ya alizeti iliyokuwa ya ada ya mtoto. Tukatuma kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake, akasema ni la mhasibu wa ofisi.

Mkataba nao alitupa. Wiki kumi na mbili, Birmingham, Leeds na Manchester, pauni tisini kwa kila mtu kwa kila onyesho. Chini kukawa na mstari mmoja kwamba maonyesho mengine ya harusi na makanisani yatapangwa tukishafika, malipo yatapokelewa na wakala, na pasipoti zitatunzwa naye kwa usalama. Huo mstari wa pasipoti niliuliza. Akacheka, akasema wasanii wanapoteza vitu.

Aliyegundua ni mtoto wa dada yangu anayesoma UDOM. Nilimtumia ile orodha kwa furaha, nikitaka ajisifie kwa wenzake. Akanipigia: "Mama mdogo, ile safu ya mwisho umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma, na yule bwana alikuwa ameikata kioo kisionyeshe. Safu ya mwisho inaitwa Route, yaani mwajiri huyo ameruhusiwa kudhamini watu wa kazi gani. Ya mwenyeji wetu ilisema Skilled Worker. Kijana akaitafuta kampuni yenyewe: ni watu wa kutunza wazee majumbani. Hawana jukwaa, hawana tamasha, na huenda hata hawajui jina lao linatembezwa Dodoma. Msanii anayekwenda kwa udhamini anatakiwa mwenyeji ambaye safu hiyo inasema Creative Worker, na safu ya kabla yake inasema Temporary Worker. Jina kuwemo kwenye orodha hakutoshi kabisa.

Na ile karatasi ya dhahabu? Huko cheti cha udhamini si kitu cha kutundika ukutani. Ni kumbukumbu ndani ya mfumo wa Wizara yao ya Mambo ya Ndani, na mwenyeji mwenye leseni ndiye anayeitoa na ndiye anayetozwa ada yake. Wewe unapewa namba, na unapojaza ombi la viza unaiandika namba hiyo. Kila mtu ana yake. Ya kwetu ilikuwa namba moja kwa watu kumi, na mimi niliona ni ya kikundi.

Nikampigia bwana miwani. Hakutetereka. Akasema ndiyo, tumebadilisha, sasa mnakwenda na viza ya mgeni, ni nafuu na inaruhusu malipo. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu anachanganya kweli na uongo na ndivyo atakavyowapata wengine.

Ni kweli kwamba viza ya kawaida ya mgeni ya Uingereza, tangu Januari 31, 2024, inamruhusu msanii wa kulipwa afanye kazi ya kualikwa na kulipwa. Zamani ilikuwa viza ya peke yake, wakaiunganisha. Lakini ina mipaka. Kazi yenyewe iwe imeshapangwa kabla hujasafiri na uitaje kwenye ombi. Uwe na mwaliko wa maandishi kutoka kwa taasisi ya sanaa, wakala au kituo cha utangazaji kilichoko hukohuko. Uwe umetimiza miaka 18. Na kazi hiyo ya malipo uimalize ndani ya siku 30 za kwanza tangu uingie, hata kama viza yenyewe inakuruhusu kukaa hadi miezi sita. Zikipita siku 30, ukipanda jukwaani kwa malipo umevunja masharti ya viza.

Sasa weka mkataba wetu pembeni ya hayo. Wiki kumi na mbili ni siku 84, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziara ingekuwa haramu. Harusi na makanisa ya "mkishafika" hayakupangwa kabla ya safari, kwa hiyo yote haramu. Binti yetu mdogo wa kucheza ana miaka 17, na bwana huyo alimwona, akamwandika. Tungekamatwa sisi, pesa angekuwa nazo yeye, na pasipoti zetu zikiwa kwenye begi lake la ngozi.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Ili kutunyamazisha alituma PDF za maombi ya viza ya watu wawili kati yetu, kuonyesha kazi imeanza. Namba za GWF, zile za kumbukumbu ya ombi, zilikuwepo, na miadi ya alama za vidole Dar es Salaam ilikuwepo. Kijana akasoma ndani. Sababu ya safari: utalii. Kazi ya mwombaji: mfanyabiashara. Salio la benki limetajwa, na mmoja wao, mama wa kikundini, hajawahi kuwa na akaunti benki maisha yake yote! Barua pepe ni ya bwana miwani. Yaani hata majibu yangekwenda kwake.

Uingereza ukibainika umedanganya kwenye ombi la viza, unaweza kuzuiwa maombi yako kwa miaka kumi. Aliyejaza ni mwingine, lakini tamko la mwisho linabeba jina lako. Hawa wawili tuliwazuia wasiende kutoa alama za vidole, na bila vidole ombi haliamuliwi. Tiketi za treni walikuwa wameshakata. Ada ya ombi nayo, mtu akijiondoa kabla ya vidole, hurudishwa kwa njia iliyolipia. Iliyolipia ni kadi ya nani? Yake. Anapata na hiyo.

Nikaenda kwa afisa utamaduni wa jiji. Msanii anayekwenda kufanya kazi ya sanaa nje anatakiwa kuwa na kibali cha BASATA, na bwana yule alituambia hicho ni cha mwisho, viza ikitoka. Afisa aliuliza swali moja tu: "Barua ya mwaliko iko wapi?" Tulikuwa na cheti cha dhahabu, tulikuwa na mkataba, lakini barua kutoka kwa mwenyeji mwenyewe hatukuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuongea na mtu yeyote aliyeko Uingereza. Kila kitu kilipita kwake.

Dalili nyingine ni hizo mnazozijua: muamala kwenda jina la mtu mwingine, anakataa kukutana ofisini, kila siku mgahawa tofauti pale Nyerere Square. Mwenyeji wa kweli mtafuteni wenyewe kwa simu au barua pepe ya kwenye tovuti yake, si namba anayowapa wakala.

Nataka huyu mtu afungwe. Sitaki aombwe arudishe nusu kisha tusameheane kwa chai kama ilivyo kawaida yetu. Mama aliyeuza mbuzi ana miaka sitini na kitu, anaona aibu kwenda kisimani kwa sababu alishawaaga majirani. Afungwe, na huyo "mhasibu" mwenye laini ya simu afungwe naye, na kila anayemtafutia vikundi kwa kamisheni, kwa sababu wapo, na mmoja anaisoma hii.

RB tumeshachukua. Tumesikia kuna kikundi Kondoa na kingine Manyoni vimelipa pia. Kama ni nyie, msifute meseji za miamala wala zile za wasapu, hata zenye matusi mliyomwandikia. Zipigeni picha, mnitafute kwa namba ya kikundi mnayoijua. Mpelelezi anasema walalamikaji wakiwa wengi na miamala ikienda kwenye laini ile ile moja, kazi yake inakuwa nyepesi. Na kama bado hamjalipa na amewaahidi kuja wiki hii, mwacheni aje. Nipigieni tu mapema.