TAHADHARI: Kadi halali, pikipiki ya wizi

Ndugu zangu mnaotafuta pikipiki au gari la mtumba mtandaoni, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anazunguka na pikipiki zenye kadi halali kabisa, kadi ambayo ukienda kuiulizia kwenye usajili utaambiwa haina deni wala kesi. Kadi yake haina kasoro yoyote. Kasoro ni kwamba pikipiki anayokukabidhi siyo ile iliyosajiliwa kwa kadi hiyo.

Mimi nimeshaingia mkenge. Tangazo lilikuwa na picha sita safi, bei nzuri lakini si ya kutupa, maana bei ya kutupa ingenishtua. Muuzaji alijibu haraka, kwa adabu, akanitumia picha ya kadi hata kabla sijaiomba. Jina kwenye kadi halikuwa lake. Alisema ni la shemeji yake aliyesafiri, ila mkataba wa mauzo tayari umesainiwa na yeye ndiye mwenye mali sasa. Nilikwenda kuulizia ile kadi. Namba ya usajili ipo, jina lipo, aina na rangi vinalingana, haijazuiwa na mkopo, haijaripotiwa kuibiwa. Nikaona nimefanya kazi yangu.

Tulikutana kituo cha mafuta. Nilisoma namba ya chasisi, nikailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu, ikakaa sawa. Namba ya injini haikulingana. Nikamuuliza, akanijibu bila kusita: "Kaka, injini ya mwanzo ilikufa, tukafunga ya mtumba. Hiyo utaenda tu kuibadilisha kwenye kadi." Nikakubali. Hapo ndipo nilipoliwa, na nitaeleza kwa nini.

Nilipoipeleka kukaguliwa ili nibadilishe jina, mkaguzi hakuanza na kadi. Alimwaga petroli kidogo kwenye kitambaa, akafuta shingo ya pikipiki, pale mhimili wa usukani unapoingia kwenye fremu, kisha akamulika tochi kwa ubavu. Akaniambia nipitishe kidole gumba. Sehemu yenye namba ilikuwa imezama kidogo kuliko chuma kilichoizunguka, kama bakuli bapa. Rangi yake ilikuwa nyeusi ya kopo, siyo ile ya kiwandani. Chini ya rangi kulikuwa na mistari myembamba ya tupa inayokwenda upande mmoja. Na tarakimu zenyewe, ambazo kule kituoni niliziona ziko sawa, zilikuwa zimegongwa moja moja kwa nyundo: 4 imezama sana, 7 imeinama, nafasi kati yao hazilingani.

Kisha akafungua siti na kutoa vifuniko vya plastiki vya pembeni, akavigeuza. Huenda wengi hamjui kitu hiki, nami sikukijua. Upande wa ndani wa plastiki nyingi za pikipiki na gari kuna kiduara kidogo kama saa, kimezungukwa na namba 1 hadi 12. Katikati kuna mshale, na huku na huku ya mshale kuna tarakimu moja moja. Tarakimu hizo mbili ni mwaka ambao plastiki ilimwagwa kiwandani, na mshale unaelekea kwenye mwezi. Kadi yangu ilisema pikipiki imetengenezwa 2014. Kifuniko cha kushoto kilisema 18, mshale kwenye 5. Cha kulia vilevile 18. Kisanduku cha hewa chini ya siti, 18 tena.

Kipuri kimoja kipya kwenye chombo cha zamani hakithibitishi chochote, kwa sababu watu hubadilisha vilivyovunjika. Lakini vipuri vya asili hutengenezwa kabla ya chombo kuunganishwa, siyo baada yake. Ukikuta plastiki zote, pamoja na zile za ndani ambazo hakuna anayehangaika kuzibadilisha, ni changa kwa miaka minne kuliko kadi, ujue kadi hiyo ina pikipiki yake nyingine mahali fulani.

Na kweli ilikuwa nayo. Pikipiki halisi ya ile kadi iligongwa ikaharibika kabisa, ikauzwa kama chuma chakavu pamoja na karatasi zake. Mnunuzi wa aina hii hana haja na chuma, anataka karatasi. Baada ya hapo inatafutwa pikipiki ya wizi ya aina ileile na rangi ileile, namba ya shingoni inasagwa, na namba ya iliyokufa inagongwa juu yake. Ndiyo maana kuulizia kwenye usajili hakukunisaidia: nilikuwa naulizia habari za pikipiki iliyokufa, na iliyokufa haina kesi na mtu.

Kilichowashinda wezi hao ni injini. Namba ya injini hugongwa kwenye ganda la aluminiamu. Ukilisaga linabaki na kovu linaloonekana kwa mbali, kwa hiyo wengine huiacha ilivyo na kutunga hadithi ya injini iliyokufa. Ile namba ya injini niliyoiona kwa macho yangu kituo cha mafuta ndiyo ilikuwa namba ya kweli pekee kwenye pikipiki nzima, na ndiyo iliyomfikisha mkaguzi kwa mwenye mali aliyekuwa ameripoti wizi. Ningeipeleka kuiulizia siku ileile, ningeokoa pesa yangu yote. Kwa hiyo mkiambiwa injini imebadilishwa, dai risiti ya ile iliyofungwa na uthibitisho kwamba mabadiliko yameandikishwa. Kama hakuna, chukua namba ya injini iliyopo, iulizie, na usitoe hata senti kabla ya jibu. Kama mamlaka ya kwenu haitafuti kwa namba ya injini, ipeleke polisi. Muuzaji akikuambia huko ni kupoteza muda, ondoka.

Sasa nawaeleza ninavyofanya mimi siku hizi, maana nimeshamsindikiza mdogo wangu kununua mara mbili.

Kabla ya kusafiri kwenda kuona chombo, namwambia muuzaji anitumie picha ya namba ya shingoni, ya karibu, iliyofutwa vumbi, na kando yake awe ameandika tarehe ya leo kwenye karatasi. Mwenye pikipiki yake hufanya hivyo kwa dakika mbili. Wa kwanza tuliyemwomba alisema kamera yake mbovu, ingawa tangazo lake lilikuwa na picha nane. Hatukwenda.

Tukifika, kadi naiacha mkononi mwake. Naandika kwanza namba ninazozisoma kwenye chuma, za chasisi na za injini, kwenye daftari langu. Kisha ndiyo naomba kadi. Ukianza na kadi, jicho linasoma kile ambacho tayari kiko kichwani, na tarakimu iliyogongwa upya, 3 iliyogeuzwa 8, inapita.

Namba ya chasisi ya kimataifa, inayoitwa VIN, kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiiona mojawapo ya herufi hizo ndani ya namba ya tarakimu 17, ama imeandikwa vibaya au imetungwa. Lakini msikimbilie kumshtaki kila mtu: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi ya hapo, na hiyo ni halali yake. Vilevile viwanda vingine hugonga namba ambazo si nadhifu sana. Dawa yake ni kutafuta pikipiki ya aina ileile na ya mwaka wa karibu, ya mtu unayemfahamu au pale kijiweni, na kuangalia shingo yake kabla hujaenda. Ukishaona umbo la 4 na la 7 za kiwanda hicho, na jinsi zilivyopangwa, za kugonga kwa nyundo zitajionyesha zenyewe.

Kwa gari mchezo ni uleule, ila mahali pa kuangalia ni pengi. Namba huwa imegongwa kwenye bodi, mara nyingi kwenye ukuta kati ya injini na sehemu ya abiria au chini ya zulia la siti ya mbele. Magari mengi yana pia kibandiko kwenye nguzo ya mlango, na mengine yana kibati kinachosomeka kupitia kona ya chini ya kioo cha mbele. Zote ziwe moja. Kwenye magari mengi ya karibuni namba imehifadhiwa pia ndani ya kompyuta ya gari, na fundi mwenye mashine ya kupima ataisoma. Halafu vuta mikanda yote ya siti hadi mwisho. Chini kabisa kuna lebo, na mara nyingi lebo hiyo ina tarehe ya kutengenezwa mkanda. Mikanda minne ya 2013 kwenye gari la kadi ya 2009 inasema yaleyale yaliyosemwa na plastiki zangu.

Kuhusu yule "shemeji aliyesafiri": jina la kwenye kadi lazima lipatikane, kwa sura na kitambulisho, au kwa simu ya video akishika kitambulisho chake na kutaja mwenyewe amemuuzia nani na lini. Mkataba uliosainiwa na mtu usiyemwona ni karatasi tu. Na kadi ikiwa imeandikwa kuwa ni ya pili au mbadala, uliza ya kwanza iko wapi, kwa kuwa wakati mwingine huwa iko kwa mkopeshaji aliyemkopesha mwenye chombo.

Pikipiki yangu imeshikiliwa kama kielelezo na mwenyewe halisi anaidai. Nami nina risiti ya mtu ambaye simu yake haipatikani. Wiki iliyopita nimeona tangazo jipya, jina jingine, namba nyingine ya simu, lakini picha zimepigwa mbele ya ukuta uleule wenye ufa unaoshuka kutoka kona ya dirisha. Katika picha zote, shingo ya pikipiki imefunikwa na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye usukani. Ukiliona tangazo hilo, usimpigie muuzaji. Piga picha ya skrini, tangazo lote pamoja na namba ya simu, uipeleke polisi.