Kisomaji cha OBD kwa Vitz na Passo za Kusini: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Vitz na Passo nyingi zinazokimbia hapa Mtwara hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka mambo yakiwa yameshaharibika. Katikati hapo dereva haambiwi kitu. Kisomaji cha OBD, kifaa kidogo kinachosoma kompyuta ya gari, kinaziba pengo hilo: unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, kinaongea na simu, na simu inakuonyesha nyuzi za kulanti na lita za petroli zinazoliwa wakati huohuo gari likitembea. Nimevipanga hapa kwa kazi hizo mbili tu. Anayetaka kuzima taa ya eabegi au kutengeneza funguo mpya atafute mashine nyingine, hivi havimfai.

Cha kwanza: Vgate iCar Pro ya Bluetooth 4.0

Kwa mtu mwenye gari moja, pesa yako iende hapa. Nje huuzwa kwa dola 30 hivi, na ukiagiza Kariakoo kikaja kwa basi, ongeza nauli ya mzigo. Kinafanya kazi na Android na iPhone pia, kinakubali amri ambazo vya bei rahisi huzikataa, na kinajilaza chenyewe gari likizimwa, kwa hiyo hakinyonyi betri usiku kucha. Jambo moja huwachanganya watu: usikiunganishe kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Fungua aplikesheni, Torque Pro au Car Scanner ELM OBD2, ukitafute humohumo. Waliokirudisha dukani wakidai kibovu, wengi wao walikwama hapo tu. Ndugu yake, vLinker MC+ wa kampuni hiyohiyo, ni mzuri vilevile. Kikipatikana chochote kati ya viwili, chukua.

Cha pili: ELM327 ya kuigiza iliyoandikwa v1.5

Vile vyeusi au vya bluu vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu na redio za magari, mara nyingi chini ya Sh 30,000. Elm Electronics, kampuni ya Kanada iliyobuni chipu ya ELM327, haikuwahi kutoa toleo la 1.5, kwa hiyo kila chenye namba hiyo ni cha kuigiza. Hata hivyo baadhi yake huigiza vizuri kuliko v2.1 zinazokaa nazo rafu moja, ambazo nyingi zimepunguzwa amri kibao. Namba kubwa kwenye boksi isikudanganye. Hivi ni vya Bluetooth ya zamani, havifanyi kazi na iPhone, na ukiombwa namba ya siri ni 1234 au 0000.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji ukijaribu kwenye gari lako palepale nje ya duka. Weka funguo kwenye ON, fungua aplikesheni ya Serial Bluetooth Terminal, kisha andika amri hizi moja moja:

```
ATI
ATRV
ATIIA13
```

Ya kwanza inarudisha jina na toleo. Ya pili inarudisha volti za betri, injini ikiwa imezimwa utaona kama `12.4V`. Ya tatu ndiyo mtihani wenyewe: jibu likiwa `OK`, kifaa kina uwezo wa kuzungumza na Toyota za zamani, likija `?`, kirudishe rafuni. Sababu yake ni kwamba magari ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi, hata yakiwa na soketi ya pini 16, mara nyingi hayafuati lugha ya kawaida ya OBD. Kompyuta yake inataka kuitwa kwa anwani na kasi nyingine. Kwenye Torque, ndani ya wasifu wa gari, kuna nafasi ya kuandika maneno ya kuanzia, na kwa Toyota hizo hayo maneno huanza na `ATIB 96` na `ATIIA 13`. Kifaa kisichoijua amri hiyo kitakaa kinatafuta gari mpaka simu iishe chaji. Kwa gari la 2009 kuja juu, mtihani wa tatu hauna uzito huo; vingi vitashika.

Cha tatu: OBDLink MX+

Kwa ubora kinavipita vyote. Nimekishusha kwa sababu ya bei, zaidi ya dola 100, na sehemu ya bei hiyo unalipia njia za ndani za mawasiliano za magari ya Ford na GM. Fundi anayeshika magari kumi kwa wiki anunue. Mwenye Passo moja, hiyo ni pesa ya matairi.

Cha mwisho: vya Wi-Fi

Vinafanya kazi, iPhone inavikubali, lakini simu ikishikana navyo inaona Wi-Fi isiyo na intaneti, na Android nyingi huamua zenyewe kuiacha na kurudi kwenye data. Uko katikati ya Mingoyo na Mtwara, namba zinaganda, wewe huna habari, unaendelea kuamini nyuzi 88 za dakika kumi zilizopita. Chombo cha kutazama joto kikikosa uhakika kiasi hicho, afadhali kisiwepo.

Ukishakichomeka, tazama nini

Usijaze skrini vipimo kumi na viwili. Magari ya zamani hujibu maswali machache tu kwa sekunde, na kila kipimo unachokiongeza kinachelewesha vingine. Weka joto la kulanti, lita kwa saa, na volti. Basi.

Injini nyingi za Toyota ndogo zikishachemka hukaa kati ya nyuzi 82 na 95, na feni huwaka karibu na mwisho wa hapo. Ukipanda kutoka Masasi kwenda Newala kwa gia ndogo na kiyoyozi kimewashwa, kufika 98 au 100 kisha kushuka ukishafika juu si ugonjwa. Kwenye aplikesheni weka kengele ilie kwenye 103. Ikilia zima kiyoyozi, na namba ikizidi kupanda simama pembeni. Namna joto linavyopanda inakwambia pa kuanzia. Likipanda gari limesimama kwenye foleni na kushuka ukitembea, itazame feni. Likiwa sawa mjini ila linapanda ukikimbiza barabara kuu, shuku rejeta iliyoziba au kulanti pungufu. Angalizo: kulanti ikivuja yote, sensa inabaki hewani na inaweza kuonyesha namba ndogo kuliko hali halisi. Namba ikianza kurukaruka ghafla, usiiamini, simama.

Joto dogo nalo lina hasara, na hili ndilo wengi hawalitarajii. Dereva mmoja wa teksi hapa mjini, mwenye Vitz ya injini ya 1NZ, alilalamika mafuta yanamwisha haraka tangu gari litoke gereji. Tulipochomeka kisomaji, njia nzima kuelekea Lindi kulanti ilikuwa inacheza kati ya 64 na 71, mwendo ukiwa 80.

"Si ndiyo vizuri, mjomba? Injini imepoa," akaniambia.

Fundi alikuwa ametoa thamostati ili gari "lisichemke". Bila hiyo, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haifiki joto lake. Kompyuta ikiona injini bado ya baridi, huongeza petroli, na oili nzito nayo inaongeza msuguano. Alipofunga thamostati ya nyuzi 82, namba ikatulia kwenye 84 hadi 88 kwenye barabara ileile, na lita kwa saa zikashuka kwa mwendo uleule. Kama umenunua gari mkononi mwa mtu, hili liwe la kwanza kulikagua: barabara kuu, dakika ishirini, na kama haijapita 75, uliza thamostati iko wapi.

Namba ya mafuta inatoka wapi, na kwa nini inadanganya kidogo

Magari mengi hayana kipimo cha petroli inayoingia. Aplikesheni inasoma hewa inayoingia injini kwa gramu kwa sekunde, inagawanya kwa 14.7 kwa kuwa petroli hutaka hewa mara 14.7 ya uzito wake, kisha inageuza gramu kuwa lita. Gari likiwa limesimama injini ikinguruma, na hewa ikiwa gramu 3 kwa sekunde, hesabu inatoka karibu lita 1 kwa saa. Yaani kumsubiri mtu nusu saa hospitali ya Ligula kiyoyozi kikivuma ni nusu lita imekwenda, na hilo utaliona kwa macho yako.

Magari yasiyo na sensa ya hewa hukadiria kwa mgandamizo ndani ya manifoldi, na hapo lazima uandike ukubwa wa injini kwenye wasifu, la sivyo utapata upuuzi. Kwa dizeli, achana na hesabu hii kabisa. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji, kwa hiyo hewa haikuambii mafuta. Kwenye Hilux ya dizeli tumia kisomaji kwa joto na volti.

Kwa petroli, irekebishe mwenyewe. Jaza tenki sheli mpaka pampu ikate, futa hesabu ya safari, tembea mpaka libaki robo, rudi sheli ileile na pampu ileile, jaza mpaka ikate tena. Tuseme aplikesheni inasema umetumia lita 27.4 na pampu imeingiza 30.1. Gawanya 30.1 kwa 27.4, unapata 1.10, iandike sehemu ya kurekebisha mafuta kwenye wasifu wa gari. Rudia tenki linalofuata. Tofauti ikishuka chini ya lita moja, acha hapo. Ukikuta sheli moja inatofautiana sana na zote ulizojaza, wakati kisomaji hakijabadilika, ujue tatizo haliko kwenye gari.

Simu ikae kwenye kishikio pembeni ya usukani, siyo mapajani. Na kama kisomaji ni kile cha kuigiza, kichomoe ukilaza gari. Hakijui kulala, na betri chakavu baada ya siku tatu itakufanya utafute wa kukusukuma.