Gemu za kupiga risasi za kununua kama raha yako ni kukariri na kuvunja rekodi yako

Kama wewe ni mtu wa kurudia leveli moja mpaka vidole vinaijua vyenyewe, na furaha yako ni kuona pointi za leo zimepita za jana, basi usinunue gemu kwa kuangalia picha kali au wingi wa leveli. Jiulize kitu kimoja tu, je nikirudia, gemu inaniletea mambo yaleyale? Yaani adui watokee palepale, kwa mfuatano uleule, bosi apige risasi zake vilevile, na mimi nianze na nguvu zilezile kila mara. Hapo ndo rekodi yako inakuwa na maana, kwa sababu kilichobadilika ni wewe peke yako.

Ndo maana gemu kama Vampire Survivors siiweki kwenye listi hii japo ni tamu sana, pale unakusanya dhahabu unanunua nguvu zinazobaki hata ukifa, sasa ukivunja rekodi wiki ijayo huwezi kujua ni wewe umekuwa mkali au ni silaha zimepanda. Kwa mtu wa kufukuza rekodi hiyo ni hasara kubwa.

Cha pili ni sehemu ya mazoezi, uweze kuchagua leveli inayokuua ukaanzia hapo hapo badala ya kupita nne za mwanzo kila saa. Basi, kwa vigezo hivyo viwili mi nazipanga hivi.

1. Ikaruga

Hii imetengenezwa na Treasure, Wajapani, ilianza kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 2001 na sasa ipo Steam, Switch na PS4. Naiweka ya kwanza bila kusita. Ina sura tano tu, na ndege yako ina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, unabadilisha kwa kitufe kimoja. Risasi ya rangi yako inakuingia na kukuongezea nguvu, ya rangi nyingine inakuua. Ukimpiga adui wa rangi tofauti na yako anaumia mara mbili, kwa hiyo muda wote unavutwa huku na huku, nibaki salama au nimalize haraka.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye mnyororo wa pointi, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo sababu ya kuinunua. Ukiua adui watatu mfululizo wa rangi moja unapata pointi 100. Watatu wengine wa rangi moja, iwe ileile au nyingine, 200. Halafu 400, 800, inajizidisha hivyo mpaka kundi la tisa unapata 25,600, na kuanzia hapo kila kundi la watatu ni 25,600 mpaka ukosee. Ukichanganya rangi ndani ya kundi, mnyororo unakatika unaanza tena na 100.

Sasa piga hesabu. Chukua kipande chenye makundi 20. Ukipita safi, makundi tisa ya kwanza jumla yake ni 51,100, kumi na moja yaliyobaki ni 281,600, jumla 332,700. Mwenzio kapita vizuri makundi kumi, akapotea kidogo tu katikati akaua mmoja wa rangi isiyotakiwa, mnyororo ukakatika. Tuseme hakupoteza adui hata mmoja zaidi, kaanza upya na makundi kumi yaliyobaki. Kumi ya kwanza 76,700, kumi ya pili 76,700, jumla 153,400. Kosa moja limekula zaidi ya nusu ya pointi, na wote wawili wamemaliza wakiwa hai! Ndo maana watu wanaicheza miaka na miaka, kuimaliza ni jambo moja na kuimaliza ukiwa na alama ya juu kabisa, S++, kwenye kila sura ni jambo lingine kabisa.

Ubaya wake ni kwamba haina huruma kwa mgeni. Mwanzoni akili inakataa kabisa, unaona risasi nyeusi unakimbia wakati wewe mwenyewe uko mweusi na ulitakiwa uzifuate. Usiguse pointi kwanza, cheza sura ya kwanza tu uzoee kubadilisha rangi, halafu ndo uanze kupanga nani afe na nani aachwe apite. Ndiyo, kuna adui inabidi uwaache, usipende kuua kila kinachopita. Ukiona mnyororo wako unakatikia sehemu ileile kila siku, tatizo mara nyingi haliko pale ulipokosea, liko sekunde chache nyuma, umeua kundi kwa kuchelewa ukafika upande usio wako.

2. Mushihimesama

Hii ni ya Cave, 2004 kwenye mashine, Steam ikaja 2015 na Switch 2021. Hapa ndo unakutana na ile mvua ya risasi inayofunika skrini nzima, watu wakiona video wanadhani haiwezekani. Siri ni kwamba mwili wako wote haugongwi, kinachohesabiwa ni kidoti kidogo sana katikati ya binti unayemwendesha, Reco, aliyepanda mdudu wake, risasi zinaweza kupita kwenye mabawa na usife.

Nimeiweka ya pili kwa sababu inakufundisha kusoma risasi kuliko gemu yoyote ninayoijua, na ukishajua kusoma hapa unaenda nayo kwenye gemu zote za aina hii. Kuna risasi zinazokulenga wewe na kuna zinazotoka kwa mpangilio wake bila kujali uko wapi. Zinazokulenga zinaenda pale ulipokuwa wakati zinapigwa, kwa hiyo hukimbii, unasogea kidogo kidogo kwa kugusa tu kitufe upande mmoja na zenyewe zinapita nyuma yako, ukikaribia ukuta unakata haraka kurudi upande wa pili. Ukikimbia umbali mrefu unazitawanya skrini nzima na umejifungia mwenyewe. Zile zisizokulenga ndo za kukariri, nafasi ya kupita iko palepale kila mara. Bosi wabaya wanachanganya aina zote mbili, na mtu akisema bosi fulani hawezekani mara nyingi ni kwamba bado hajazitenganisha.

Ina namna tofauti za kucheza. Original ina risasi chache zinazokimbia, Maniac ina nyingi zaidi, na Ultra usiiguse mwaka wa kwanza. Anza na Original, na kuna toleo la Novice kwa anayetaka kuzoea. Sehemu ya mazoezi inakuruhusu kuchagua leveli au bosi, kwa hiyo jioni nzima unaweza kukaa na bosi wa leveli ya tatu tu. Bei ya kawaida ni kama dola 20, ni ghali kwa listi hii, subiri ishuke, huwa inashuka.

3. Devil Daggers

Ya mwaka 2016, ni dola 5 hivi, na kwa hela hiyo sijaona kitu kinachoipita. Hakuna leveli wala hadithi, umesimama kwenye uwanja mmoja wenye giza, viumbe wanatokea kwa ratiba isiyobadilika, na pointi zako ni sekunde ulizobaki hai. Mwanzoni ukifika sekunde 60 ni shangwe. Kuna medali inayotaka 500.

Kilichonifanya niiweke juu ni listi ya rekodi za dunia nzima, unabonyeza jina la mchezaji yeyote na kuangalia mchezo wake wote ulivyokwenda. Usimwangalie namba moja, hutajifunza kitu, mtafute aliyekuzidi sekunde 30 au 40 tu, uone yeye alisimama wapi pale wewe unapokufa. Ila inataka mausi, kwa tachipedi ya laptopu haichezeki, na kwa kuwa viumbe wanakufuata wewe, unachokariri hapa ni ratiba ya kutokea kwao, sio njia yao.

4. Danmaku Unlimited 3

Kama huna kompyuta, chukua hii, ipo Android na iPhone na pia Steam na Switch. Ni mvua ya risasi halisi, haijapunguzwa makali kwa sababu ya simu. Unaburuta kidole popote kwenye skrini, sio lazima kiwe juu ya ndege, kwa hiyo weka kidole chini kabisa ili usijizibe macho. Ina namna ya Spirit ya kuanzia, na ya Graze ambayo inakulazimisha kupita karibu kabisa na risasi ili upate pointi kubwa, hiyo ndo ya kufukuzia rekodi. Nimeishusha hapa kwa sababu jasho la kidole linaharibu mchezo, kidole kikikwama nusu sekunde umekufa.

5. Super Hexagon

Hii haina risasi hata moja, ni kukwepa kuta tu, ila nimeiweka kwa sababu bei yake ni ndogo, ni nyepesi na inapatikana kwenye simu. Leveli sita, kila moja kazi yako ni kufikisha sekunde 60. Kuta zinakuja kwa vipande unavyoweza kuvikariri ila mfuatano wake unachanganywa, ndo maana iko ya mwisho kwa mtu wa kukariri. Kwa dakika tano za kusubiri daladala ni tosha kabisa.

Kabla hujalaumu vidole

Ukiunganisha kwenye TV, washa Game Mode kwenye settings zake kwanza. TV nyingi zinachelewesha picha ili ziipambe, na kwenye gemu za picha 60 kwa sekunde kuchelewa picha tatu nne kunatosha kukuua kila mara sehemu ileile. Kujua ni rahisi, sogeza ndege halafu achia ghafla, ikiendelea kuteleza kidogo baada ya kuachia, picha inachelewa. Kama padi ni ya bluetooth jaribu na waya uone kama kuna tofauti. Na laptopu ikiwa dhaifu, baadhi ya gemu za aina hii haziruki picha, zinakuwa polepole zenyewe zote, na utajenga mazoea ya mwendo ambao sio wa kweli, siku ukihamia kwenye mashine nzuri unaanza upya.

Kwa hiyo ukinunua Steam fanya majaribio hayo siku hiyohiyo. Hela wanarudisha kama hujafikisha saa mbili za kucheza na hazijapita siku 14 tangu ununue, na saa mbili zinatosha kabisa kupima TV, padi, na kucheza leveli ya kwanza mara kadhaa. Ukikuta umeirudia ileile moja mpaka muda unakaribia kuisha na bado unataka tena, usiirudishe.