Mkuki na ngao ya hopliti dhidi ya sarisa ya Makedonia: nani anamfikia nani?

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna silaha mbili za Wagiriki wa kale, na moja haitoshi mezani hata tukiilaza mshazari. Kulia ni seti ya hopliti, yule askari wa miguu wa miji kama Athene, Sparta na Thebe: mkuki mmoja na ngao moja kubwa. Kushoto ni sarisa, mkuki mrefu ambao Filipo wa Pili wa Makedonia aliwapa askari wake katika karne ya 4 K.K., na mwanawe Aleksanda akavuka nao hadi Asia. Zote mbili zilitumika katika falanksi, yaani watu waliopangwa bega kwa bega, mstari nyuma ya mstari. Lakini ukizishika utaona zimebuniwa kwa mawazo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na ngao ya hopliti, kwa sababu ndiyo moyo wa seti hii. Ni duara la mbao lenye upana wa karibu sentimita 90, limechimbwa ndani kama bakuli, na mara nyingi uso wake umefunikwa bati jembamba la shaba. Uzito ni kama kilo 7. Sasa geuza tuone nyuma. Katikati kuna mkanda wa chuma au shaba: unapitisha mkono wa kushoto hadi karibu na kiwiko. Pembeni kabisa kuna kamba, hiyo unaikamata kwa kiganja. Na huu ukingo uliokunjwa, unauegemeza begani. Hapo ndipo penye akili. Kilo 7 ukizining'iniza mkononi zitakuchosha kabla vita havijakolea, ila zikikaa begani unaweza kusimama nazo muda mrefu.

Ila angalieni kiwiko kilipo. Kiko katikati ya ngao. Maana yake nusu ya kulia ya ngao inakukinga wewe, na nusu ya kushoto inatokeza nje ya mwili wako. Hiyo nusu siyo yako, ni ya jirani aliye kushoto kwako. Na ubavu wako wa kulia, wenye mkono wa mkuki, unakingwa na ngao ya aliye kulia kwako. Kwa hiyo mshikamano wa hopliti umo ndani ya kifaa chenyewe, haukuhitaji mafunzo ya miaka. Mkulima aliyejinunulia silaha zake alijua jambo moja: asogee karibu na ngao ya jirani.

Na kasoro nayo inatoka hapohapo. Kila mtu akijibana kulia, jeshi zima linahama kulia linapotembea. Mwanahistoria Thukidide ameieleza tabia hii katika vita vya Mantinea, mwaka 418 K.K.: mtu wa mwisho kulia anajaribu kuuficha ubavu wake usio na ngao, wa pili anamfuata, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Siku hiyo mfalme Agisi wa Sparta alijaribu kurekebisha kwa kuhamisha vikosi adui akiwa ameshakaribia, na akafungua pengo katika mstari wake mwenyewe. Sparta ilishinda, lakini pengo lile lilipoteza watu.

Mkuki wake ni mita 2 hadi 2.5, unashikwa kwa mkono mmoja. Mbele ncha ya chuma, nyuma kuna kitako cha shaba chenye ncha, unachoweza kukichomeka ardhini au kukitumia mpini ukivunjika. Kitako hicho ni kizito, na uzito wake unavuta mahali pa kushikia pasogee nyuma ya katikati. Faida yake ni kwamba mkuki wa mita 2.4 unakupa karibu mita 1.5 mbele ya kiganja badala ya 1.2. Ni kidogo kwa macho, ila mbele ya uso wa mtu sentimita 30 si mchezo. Mstari wa kwanza na wa pili ndio wanaoweza kumfikia adui. Walio nyuma, kwa kawaida hadi mstari wa nane, kazi yao ni kuongeza uzito na kujaza nafasi ya aliyeanguka.

Haya, sasa hii ndefu. Theofrasto, aliyeishi zama hizohizo, anasema sarisa ndefu kuliko zote zilikuwa dhiraa 12, takriban mita 5.5. Pangeni bajaji mbili moja nyuma ya nyingine, ndio urefu wake. Karne mbili baadaye mwanahistoria Polibio anaipa dhiraa 14, zaidi ya mita 6. Uzito wake ni kilo 5 na zaidi, na kilo hizo zinaning'inia mbele yako, kwa hiyo mkono mmoja hauwezi. Ukishatumia mikono yote miwili, ile ngao kubwa haina mahali pa kukaa. Ndiyo maana Mmakedonia alivaa ngao ndogo, karibu sentimita 60 au zaidi kidogo, ikining'inia kwa mkanda wa shingoni na kufungwa kwenye mkono wa kushoto. Hiyo haimkingi jirani. Inamkinga mwenyewe tu, tena kwa shida.

Basi anakingwa na nini? Anakingwa na sarisa za wenzake. Tuchukue hesabu ya Polibio ya ile ya dhiraa 14. Dhiraa 4 zinakaa kwenye mikono na nyuma ili mkuki usidondoke mbele, dhiraa 10 zinatokeza, yaani mita 4.5. Kila mtu ana nafasi ya futi 3, sawa na dhiraa 2. Kwa hiyo mkuki wa mstari wa pili unatokeza dhiraa 8 mbele ya mstari wa kwanza, wa tatu 6, wa nne 4, wa tano 2. Mbele ya kila mtu wa kwanza kuna ncha tano, na kila moja iko karibu mita moja nyuma ya nyingine. Kuanzia mstari wa sita hadi wa 16 hawafiki, kwa hiyo wanainua sarisa zao mshazari juu ya vichwa vya walio mbele, na msitu huo wa mipini unapunguza kasi ya mishale na mawe.

Sasa muweke hopliti mbele ya ukuta huo. Mkono wake unafika mita 1.5, na akinyoosha bega labda mbili. Ncha ya kwanza inamgusa akiwa bado na zaidi ya mita 2 za kutembea kabla hajaweza kumchoma mtu. Akiisukuma pembeni kwa ngao, ya pili inamsubiri. Akiinama, ya tatu. Uwanja ukiwa tambarare na ukuta ukiwa mzima, kwa mtazamo wangu hakuna mjadala: sarisa inashinda kwa ufikaji, na inashinda bila kuchoka sana, kwa sababu hailazimiki kupigana kwa ustadi. Inatembea tu.

Lakini masharti ni mawili, tambarare na nzima, na vita vya Issos vinatuonyesha yanapovunjika. Ni mwaka 333 K.K., kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na milima, kusini mwa Uturuki ya leo. Mto Pinaro unakatiza uwanja. Upande wa pili wa mto, Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi, ameweka katikati Wagiriki wa kukodiwa, hopliti wa mtindo uleule tuliouona. Upande wa huku falanksi ya Makedonia.

Mwanahistoria Ariano anaeleza kilichotokea. Aleksanda, akiwa kulia, alivuka mto kwa kasi na kuwasukuma Waajemi wa mbele yake. Katikati falanksi haikuweza kwenda mwendo huo, kwa sababu kingo za mto palikuwa na sehemu zilizosimama kama ukuta, na kwingine zilikuwa zimeongezewa uzio. Ukipanda ukingo na sarisa mikononi, aliyetangulia ncha yake inaelekea juu, aliye bado majini ncha yake inaelekea kwenye udongo. Ncha tano zile hazipo tena. Zimebaki moja moja, kila moja kwa urefu wake. Na kwa kuwa kulia walishatangulia, pengo likafunguka kati yao na wa katikati.

Hopliti wale wakaingia hapo hapo walipoona pamepasuka zaidi. Sasa pima umbali upya. Mtu akishapita ncha, yuko karibu na mpini, na mpini hauchomi. Mmakedonia ana mikono miwili imeshika mti wa mita 5, ngao ndogo, na upanga mfupi ambao hawezi kuuchomoa mpaka aiachie sarisa. Mbele yake amesimama mtu mwenye ngao ya sentimita 90 na mkuki mfupi unaorudi na kuchoma tena kwa mkono mmoja. Kila alichokosa hopliti mita 4 nyuma, sasa ndicho kinachomfaa. Ariano anataja Wamakedonia wa maana kama 120 waliouawa pale, akiwemo kamanda Ptolemayo mwana wa Seleuko.

Waliookoa hali si wenye sarisa wa katikati. Ni vikosi vya kulia, vilivyokwisha kuwafukuza Waajemi wa mbele yao, vikageuka na kuwaingia hopliti ubavuni na kuwasukuma kutoka mtoni. Kwa hiyo msimsikilize anayesema Issos ilithibitisha ubora wa sarisa. Ana kwa ana, kwenye kingo zile, ilikuwa inashindwa. Aleksanda alishinda kwa sababu sarisa kwake ilikuwa ya kumshikilia adui mahali pamoja huku wengine, hasa wapanda farasi, wakimpiga ubavuni.

Kwa hiyo kama unapanga jeshi la watu wasio na mafunzo marefu, kwenye nchi ya mabonde na mashamba yenye kuta, chukua seti ya hopliti. Kikosi chake kikipasuka, kila mtu bado ana silaha inayojitegemea. Sarisa ichukue ukiwa na uwanja ulionyooka, mazoezi ya kila siku, na wapanda farasi wa kulinda pande. Ukikosa hao wa mwisho, usiinunue.

Kwa nini nasisitiza pande? Jaribu kugeuka na hii. Ikiwa imelazwa mbele, na wenzako wana zao kulia, kushoto, mbele na nyuma, huwezi kugeuza hata robo bila kumpiga mtu kichwani. Lazima kwanza kikosi kizima kiinue sarisa wima, kigeuke, kisha kiilaze tena. Adui akiwa mita 20 nyuma yako, hakuna muda huo. Mwaka 197 K.K. huko Kinoskefale, Thesalia, mrengo wa kulia wa Filipo wa Tano, mfalme wa Makedonia, ulikuwa unawasukuma Warumi kuteremka mlima, unashinda. Mrengo wa kushoto haukuwa hata umejipanga, ukavunjwa. Afisa mmoja wa Kirumi akachukua vikosi vidogo 20 kutoka upande ulioshinda, akazunguka na kuwaingia wale wa kulia kutokea nyuma. Hawakuweza kugeuka.

Waliobaki wakainua sarisa zao wima. Kwa Wamakedonia hiyo ilikuwa ishara ya kusalimu amri. Warumi hawakuijua. Flaminino, jenerali wao, alipoelezwa maana yake alitaka kuwazuia askari wake, lakini baadhi yao walikwisha kuanza kuwaua, mikuki ikiwa bado imesimama wima.