Nobu za gitaa badala ya pedali: uzoefu wangu

Gitaa langu ni la mtindo wa Les Paul, lenye pikapu mbili za hambaka, na nalichomeka moja kwa moja kwenye ampi ndogo ya valvu yenye chaneli moja. Katikati hapo hakuna pedali hata moja. Sauti safi, mkwaruzo wa rizimu na solo nzito, vyote navipata kwa nobu za volyumu na toni, na kwa kazi hii sitamani tena pedali.

Kila kitu kinategemea unavyoanza. Nobu zote za gitaa naziweka 10, kisha napandisha geini ya ampi hadi nipate mkwaruzo mzito kuliko wote nitakaouhitaji usiku huo. Baada ya hapo ampi siigusi. Ubeti ukianza nashusha volyumu hadi 4 na kodi inatoka safi, kila uzi unasikika. Kwenye kiitikio napanda hadi 7, kwenye solo narudi 10. Kinachonifurahisha ni kwamba sauti safi haizami chini ya ngoma. Valvu iliyozidiwa hukata vilele vya mawimbi, hivyo ukiipunguzia nguvu inayoingia, mkwaruzo ndio unaotangulia kuondoka, na ukubwa wa sauti hupungua taratibu.

Toni wengi huiacha 10 maisha yote, na wanakosa mengi. Kwa solo, chagua pikapu ya shingoni, volyumu 10, toni ishushe hadi 1 au 2. Sauti inanenepa na kuwa ya mviringo, karibu na ya mtu anayeimba. Eric Clapton aliifanya ijulikane enzi za bendi ya Cream, mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini inahitaji mkwaruzo mwingi. Bila huo, toni hiyo hiyo inatoa mvumo mzito usioeleweka.

Tatizo lilikuwa moja: kwenye volyumu 4 sauti ilikuwa kama spika imefunikwa blanketi. Ukishusha volyumu, ukinzani wa potenshiometa unaungana na kapasitansi ya kebo na kumeza sauti za juu, na kebo ndefu huzidisha. Kebo fupi ilisaidia kidogo. Kilichomaliza kazi ni fundi kulehemu kapasita ya 0.001 µF na rizista ya 150 kΩ, sambamba, kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kati wa potenshiometa ya volyumu. Sasa 4 inang'aa. Ni vipande vya bei ndogo sana, na kwangu ndivyo vilivyolipa kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

Kama ampi yako ina geini ya muziki wa metali iliyojazwa hadi mwisho, usitarajie haya: hata kwenye 3 bado itakwaruza, na ukishuka zaidi utabaki na sauti dhaifu. Punguza geini kwanza, ndipo nobu zipate nafasi ya kufanya kazi.