Sanduku la dawa za tumbo: kisicho na tarehe kisiingie

Msomaji mmoja wa Umoja amenitumia picha ya vidonge vinne vya kuzuia kuhara alivyovikuta kwenye droo. Nyuma ya vidonge kuna karatasi ya fedha yenye nusu ya jina la dawa, basi. Anauliza kama bado vinafaa. Dada yangu, hakuna anayeweza kukujibu, hata aliyekuuzia. Mara nyingi tarehe hugongwa kwenye ncha moja tu ya karatasi ya vidonge, na muuzaji aliposhika makasi, ncha hiyo ilibaki dukani.

Miongozo mingi itakuambia uangalie tarehe, kana kwamba ipo. Nairobi tunauziwa vidonge kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1 x 3" na hakuna kingine: si jina la dawa, si nguvu yake, si EXP. Ukiuliza, unatazamwa kama mkaguzi wa serikali. Mimi siombi radhi. Nunua pakiti nzima. Ukishindwa, mwambie akate upande wenye tarehe, au aandike jina, nguvu na EXP kwenye bahasha mbele yako. EXP 09/2027 maana yake inafaa hadi mwisho wa Septemba mwaka huo.

Nafasi ya kwanza naipa ORS, na kama kuna mtoto nyumbani, ile pakiti inayokuja pamoja na vidonge vya zinki. Mtu akihara, kinachomuumiza zaidi ni kupoteza maji na chumvi, na ORS ndiyo inayovirudisha. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyevuka miezi sita, nusu yake kwa mdogo zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Usiache kwa sababu choo kimeshikana siku ya tatu.

Lakini soma ujazo kabla ya kulipa. Kuna pakiti za mililita 500 na za lita moja, na zinafanana sana. Ya lita moja ina unga wa gramu 20.5, ya nusu lita ina kama gramu 10. Sasa chukua ile ya nusu lita, uimimine kwenye kikombe kimoja cha chai: umempa mtoto maji yenye chumvi maradufu, na hayo yanaweza kumzidishia kuhara na kupandisha sodiamu mwilini. Ukiimimina kwenye lita nzima, chumvi imepungua nusu. Kipimo changu ni chupa tupu ya maji ya nusu lita, safi: maji salama hadi juu, pakiti yote, tikisa, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Asiyefika miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti ikitikiswa unga usipochezacheza, umeingia unyevu, mimi siununui.

Ya pili ni Gaviscon, na upendeleo huu siufichi. Hutengeneza utando unaoelea juu ya asidi, hivyo kiungulia cha baada ya nyama choma ya usiku hakipandi kooni. Bei yake inaniudhi, lakini nachukua vidonge vya kutafuna kwa kuwa chupa ikishafunguliwa muda wake hufupika. Ukinunua ya maji, andika siku uliyoifungua. Eno ni ya bei nafuu na inatosha kwa dharura. Mwenye presha asizoee yoyote kati ya hizi kabla ya kuuliza, maana zote zina sodiamu.

Ya tatu, kwa watu wazima tu, ni loperamidi, hasa kwa safari ya matatu ndefu. Asiipewe mtoto, wala mwenye homa au damu kwenye choo: hapo utumbo unajaribu kutoa uchafu na wewe unafunga mlango.

Flagyl iache nje. Najua kemisti wengi hukupa kabla hujamaliza kueleza, lakini watoto wengi huharishwa na virusi, na Flagyl haivigusi. Iache pia antibiotiki iliyobaki ya mwaka jana, na Brufen, ambayo watu humeza kwa tumbo linalouma ilhali yenyewe huchubua tumbo.

Sanduku lisikae bafuni wala juu ya jiko la gesi, kwa ajili ya mvuke na joto. Kabati la chumbani, juu, pasipofikiwa na watoto, panatosha. Nairobi si Mombasa. Ndani ya kifuniko bandika namba ya hospitali ya karibu, kwa sababu mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyozama, asiyeweza kunywa au anayetoa damu hasubiri ukoroge ORS ya pili: anapelekwa, na chupa iliyokwisha kukorogwa inakwenda naye, akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.